UZI: Simba wa ukutani sm 20, vipande sita. Lightning au Gradual Infill Steps?

Fundi_Umoja:
Habari za jioni wakuu. Kuna kazi ya mapambo ya mkahawa hapa mjini: vichwa sita vya simba vya kutundikwa ukutani. Kila kimoja kina upana wa mm 200, urefu mm 200 na kina mm 100. Mgongo ni bapa, kwa hiyo kinalala kwenye kitanda na uso unatazama juu. Printa ni Ender 3 ya kawaida, nozeli 0.4, tabaka 0.2, PLA, na slaisa ni Cura. Vitapakwa rangi ya shaba.

Nikiweka ujazo wa ndani 15% wa Grid, filamenti na saa zinapanda hadi bei niliyompa mteja inakuwa hasara. Hakuna mtu atakayekalia simba hawa, wanahitaji tu kushika umbo lao. Nimeona kuna `Lightning` na kuna `Gradual Infill Steps`. Ipi inafaa kwa umbo kama hili, na je, naweza kuwasha zote mbili?

Juja_Kijana:
Mkuu, weka Tree. Inaokoa filamenti sana kuliko zile nguzo za kawaida, na inang'oka kwa mkono. Mimi situmii nyingine.

Fundi_Umoja:
Hiyo ni ya nguzo za nje, ndugu. Simba akilala kwa mgongo hahitaji hata moja. Nauliza ya ndani.

Juja_Kijana:
Ah, sawa. Nilisoma mbiombio.

Kasarani3D:
Usijisumbue na zote mbili. Weka ujazo 0% na tabaka za juu ziwe 8. Simba ni kama kuba, na kuba hujibeba lenyewe. Tabaka la kwanza juu likilegea, la nne au la tano litakaza.

MzeeWaTabaka:
Kasarani, uko sawa kwa nusu ya chini ya simba, na hiyo nusu ndiyo inayotufundisha kwa nini Lightning ipo. Ukuta uliolala kidogo hujishika kwa sababu kila tabaka linakanyaga sehemu kubwa ya lililo chini yake. Kadiri unavyopanda kuelekea juu ya kuba, ukuta unazidi kulala. Karibu na kilele, tabaka jipya linaingia ndani kwa milimita kadhaa kuliko lililotangulia, na sehemu hiyo yote iko hewani. Paji la uso la simba, mgongo wa pua na nyusi ni tambarare au karibu tambarare. Hapo hakuna kuba. Ni dari tu, na dari ya mm 60 bila kitu chini yake hailegei kidogo ili tabaka la tano likaze. Inaning'inia kama tambi hadi chini kabisa, na tabaka zinazofuata hazina pa kushika.

Kwa hiyo swali la Fundi ni hili: dari hizo tutazishikiliaje kwa plastiki kidogo iwezekanavyo? Njia zote mbili zinajibu hilo, ila zinaanzia pande tofauti.

Kwanza hesabu, ili tujue tunabishania nini. Chukua simba kama nusu tufe yenye nusu kipenyo mm 100. Si simba halisi, lakini inakaribia vya kutosha. Nafasi yote ni karibu 2,094 cm³. Ganda lenyewe, yaani kuta mbili za 0.4, tabaka tano za juu na nne za chini, linakula karibu 75 cm³. PLA ina gramu 1.24 kwa kila cm³, kwa hiyo ganda ni gramu 93. Ndani inabaki takriban 2,020 cm³. Asilimia 15 ya hiyo ni 303 cm³, sawa na gramu 376. Ujazo unakula mara nne ya kile mteja anachokiona na kukilipia.

Muda nao ni hivyo hivyo. Mstari wa 0.4 kwa 0.2 ukienda mm 60 kwa sekunde unatoa 4.8 mm³ kila sekunde. Hapo cm³ moja ni karibu dakika tatu na nusu. 303 cm³ ni saa kumi na saba na nusu za kujaza tumbo la simba tu, bila kuhesabu kona na safari za nozeli.

Fundi_Umoja:
Saa kumi na saba za tumbo! Na stima ya huku kwetu ikipotea saa ya kumi na sita, kitanda kinapoa, PLA inajing'oa, hata printa ikiendelea pale ilipoishia haisaidii. Sasa hiyo Gradual inapunguza kiasi gani?

MzeeWaTabaka:
Tuanze nayo, kwa sababu hesabu yake inafanyika hata kwenye karatasi. Unaweka `Infill Density` 20% na `Gradual Infill Steps` 2. Hiyo 20% inakuwa ya sehemu iliyo moja kwa moja chini ya dari tu. Ukishuka hatua moja inakatwa nusu, 10%. Hatua ya pili tena nusu, 5%, na hiyo 5% inaendelea mpaka sakafuni. Unene wa kila hatua ni `Gradual Infill Step Height`, na Cura inakuja na 1.5 mm.

Kwa nusu tufe yetu, tuseme hatua ni mm 5. Kivuli cha simba kwenye kitanda ni 314 cm². Zidisha kwa sm 0.5, unapata 157 cm³ kwa kila hatua. Hatua ya juu, 20%, inakula 31 cm³. Ya pili, 10%, inakula 16 cm³. Zilizobaki, kama 1,706 cm³ kwa 5%, zinakula 85 cm³. Jumla 132 cm³, gramu 164. Umeokoa gramu 212 kwa kila simba na karibu saa kumi. Kwa simba sita ni zaidi ya kilo moja na robo.

Sasa angalia vizuri mgawanyo huo. Sehemu kubwa ya hizo gramu 164 ni ile 5% ya chini, ambayo haishikilii chochote isipokuwa mistari iliyo juu yake. Hapo ndipo Lightning inapoingilia.

Kasarani3D:
Basi ongeza hatua iwe 3, chini iwe 2.5%. Inapungua tena.

MzeeWaTabaka:
Inapungua hadi gramu 117 hivi. Lakini fikiria kinachotokea pale hatua inapobadilika, kwa sababu hapo ndipo watu wengi hupoteza kazi bila kujua.

Kwenye Grid ya Cura, mstari wa 0.4 kwa 20% unaacha mm 4 kati ya mstari na mstari. Kwa 10% ni mm 8, kwa 5% ni mm 16, kwa 2.5% ni mm 32. Nozeli inapopanda kutoka 5% kwenda 10%, mistari mipya inazaliwa katikati ya ile ya zamani. Hiyo mipya haina kitu chini yake. Inachorwa hewani, kutoka mstari wa zamani hadi mwingine, daraja la mm 16. Daraja la mm 16 kwa kasi ya ujazo, feni ikiwa nzuri, litalegea lakini litashika. Tabaka la pili linakanyaga lililolegea, la tatu linanyooka kidogo, na baada ya tabaka kumi hivi una ukuta mwembamba unaoeleweka.

Ukianzia 2.5%, daraja la kwanza ni mm 32. Mstari unakatika, unajikunja kwenye ncha ya nozeli, na mabonge yake yanaanza kugongwa na nozeli kila inapopita.

Hii pia ndiyo sababu 1.5 mm haitoshi kwa kazi kubwa. Kwa tabaka la 0.2 hiyo ni tabaka saba tu. Mistari haijapona kulegea, tayari unaianzishia nusu nyingine juu yake, kisha dari. Ukienda mm 5 unapata tabaka 25 za kupona. Kwa simba huyu tofauti ya 1.5 na 5 ni kama gramu 27. Hiyo lipa bila kulalamika.

Slaisa254:
Niongeze kwa wanaotumia PrusaSlicer au OrcaSlicer: huko hamtapata `Gradual Infill Steps`. Kilicho karibu zaidi ni `Support Cubic`, ambayo nayo huwa nzito chini ya dari na nyepesi ukishuka. Msichanganye na `Adaptive Cubic`. Hiyo inakuwa nzito karibu na kuta zote, hata za pembeni, kwa hiyo kwa simba mwenye manyoya yenye mikunjo mingi haitaokoa sana. Lightning ipo kote: Cura tangu toleo 4.12, PrusaSlicer tangu 2.5.

Bi_Filamenti:
Samahani kuingilia. Nina taa ya mezani yenye umbo la kibuyu, PLA nyeupe, balbu ya LED ndani. Je, Lightning inafaa? Nataka iwe nyepesi.

MzeeWaTabaka:
Hapana, dada. Matawi ya Lightning yanashika ukuta kwa ndani, na taa ikiwaka yataonekana kama mishipa myeusi kwenye nyeupe. Gradual nayo itaonyesha miraba. Kibuyu ambacho mdomo uko wazi juu hakina dari, kwa hiyo hakihitaji ujazo wowote. Washa `Spiralize Outer Contour`, ongeza upana wa mstari hadi 0.6, basi. Kama mabega ya kibuyu yanalala sana kuelekea shingoni, tazama hapo, ndipo mistari huachana.

Bi_Filamenti:
Mabega yanalala kweli. Nitajaribu kurefusha shingo. Asante.

Fundi_Umoja:
Sawa, turudi kwa simba. Lightning sasa?

MzeeWaTabaka:
Lightning inafikiri kutoka juu kwenda chini. Slaisa inatafuta kila sehemu ya dari isiyojiweza, inaweka mistari chini yake, kisha tabaka kwa tabaka kwenda chini inaifupisha hiyo mistari na kuisogeza kuelekea ukuta ulio karibu, mpaka yote imeingia ukutani na kuisha. Chini ya hapo ni tupu kabisa. Ukitazama kwa mpangilio wa kuchapa, unaona kijiti kifupi kinachomoza ukutani, kinarefuka kidogo kila tabaka, kinatoa matawi, na yanapofika darini yamesambaa kote.

Kwa simba huyu nusu ya chini itakuwa tupu, maana kuta zake zinasimama. Matawi yataanza juu zaidi, na mengi yatakuwa chini ya paji na pua. Ujazo wote utakuwa gramu makumi machache badala ya 164. Fungua `Preview` uone mwenyewe, kila simba na manyoya yake.

Kuhusu kuwasha zote mbili: haina maana. Lightning tayari inajipunguza yenyewe ikishuka. Hakuna kilichobaki cha kukata nusu.

Lakini filamenti unayookoa ndani, sehemu yake irudishe kwenye ukuta. Kwa Grid, ujazo unashika kuta kwa nyuma. Kwa Lightning, ukuta uko peke yake kuanzia sakafuni mpaka tawi la kwanza. Kuta mbili za 0.4 ni mm 0.8 tu, na kwenye shavu pana la simba utaona mawimbi, na kidole kikibonyeza linaingia ndani. Weka kuta tatu. Ukuta wa tatu unaongeza kama gramu 20 hapa. Bado uko mbali sana chini ya Gradual.

RangiYaShaba:
Naunga mkono kuta tatu, kwa sababu nyingine. Simba wa rangi ya shaba lazima asuguliwe kwanza ili mistari ya tabaka isionekane. Unapaka puti ya magari, ile inayouzwa maduka ya Kirinyaga Road, kisha msasa 180, halafu 320, halafu praima. Ukuta wa mm 0.8 usio na kitu nyuma unacheza chini ya msasa. Mkono unabonyeza, ukuta unarudi nyuma, msasa unakula kingo na kuacha katikati. Puti nayo ikikauka juu ya ukuta unaocheza inapasuka nyufa nyembamba, unaziona baada ya rangi. Na ukisugua kwa nguvu unatoboa. Kuta tatu kwa kiwango cha chini. Sehemu yenye manyoya madogo usiisugue, paka praima nzito mara mbili.

Kasarani3D:
Nimeweka Lightning kwenye sanamu fulani, asilimia 5, nikaona juu kuna matundu na mabonde. Kwa hiyo nasema haifai kwa dari tambarare.

MzeeWaTabaka:
Hiyo ni 5%, si Lightning. Kwenye Lightning asilimia haisemi kiasi cha plastiki ndani ya sanamu yote. Inasema matawi yakifika darini yakaribiane kiasi gani. Ukiweka 5% umeyaambia yaachane mno, na tabaka la kwanza la dari linalala kati yake kama nguo kwenye kamba. Kwa kuwa matawi mengi yapo tu karibu na dari, kutoka 5% hadi 15% hakuongezi sana gramu. Watu wanaona 15% wanaogopa kwa sababu wanafikiria Grid. Weka 15, na tabaka za juu ziwe sita, yaani mm 1.2.

Kasarani3D:
Hapo umenishika. Nitarudia.

Fundi_Umoja:
Nimeweka Lightning 15%, kuta tatu, nikakata mfano mdogo wa pua tu. Tabaka za juu zimetoka na shimo upande mmoja. Ukichungulia ndani, kuna nyuzi nyuzi zimelala chini na matawi upande huo hayapo kabisa. `Preview` inaonyesha yapo.

MzeeWaTabaka:
Hiyo ndiyo hitilafu kuu ya Lightning, na sababu yake iko mwanzoni mwa tawi, si mwishoni.

Tawi linaanza kama kijiti cha mm mbili au tatu kilichoshika ukuta. Nozeli imetoka mbali, imerudisha filamenti nyuma, imesafiri, sasa inasukuma tena. Milimita za kwanza mara nyingi hutoka plastiki pungufu au haitoki kabisa. Kwenye mstari mrefu wa Grid hilo halionekani. Kwenye kijiti cha mm mbili, hizo milimita za kwanza ndizo kijiti chenyewe. Hakikuchapwa. Tabaka linalofuata linajaribu kukanyaga kitu ambacho hakipo, na kuanzia hapo tawi lote linachorwa hewani. Zile nyuzi ulizoona chini ni tawi lako.

Kwa printa yenye mrija mrefu wa Bowden kama yako tatizo ni kubwa zaidi, kwa sababu filamenti inacheza ndani ya mrija kabla shinikizo halijafika kwenye nozeli.

Fanya hivi. Shusha `Infill Speed` hadi mm 40 kwa sekunde. Hutapoteza muda wa maana, ujazo wenyewe ni mdogo. Hakikisha `Infill Overlap Percentage` ni 30% ili kijiti kizame vizuri ukutani. Halafu shusha `Lightning Infill Support Angle` kutoka 40 hadi 35. Pembe ikiwa ndogo, tawi linarefuka polepole zaidi kwa kila tabaka, kwa hiyo linaanzia chini zaidi na kila mstari unakanyaga sehemu kubwa ya ulio chini yake. Tabaka moja au mawili yakikosekana, lina nafasi ya kujirekebisha. Pembe nyingine za Lightning hufuata hiyo kama hujazigusa.

```
Wall Line Count: 3
Top Layers: 6
Bottom Layers: 4
Infill Pattern: Lightning
Infill Density: 15%
Infill Speed: 40 mm/s
Infill Overlap Percentage: 30%
Lightning Infill Support Angle: 35
```

Jambo jingine kuhusu mfano wako wa pua. Ulimkata simba wapi?

Fundi_Umoja:
Nilimzamisha chini ya kitanda mm 70, ikabaki mm 30 ya juu.

MzeeWaTabaka:
Basi mfano haukuwa wa haki. Ukikata hapo, slaisa inaona sakafu mpya kwenye mm 70, na matawi ambayo yangeshuka hadi ukutani yanaishia kwenye sakafu hiyo. Umejaribu matawi tofauti na yale ya simba mzima. Kwanza pitisha simba mzima kwenye slaisa, vuta kitelezi cha `Preview` mpaka uone kijiti cha kwanza kinapotokea, andika urefu wake. Kisha zamisha simba mpaka milimita chache chini ya urefu huo. Hapo matawi utakayojaribu yatakaribia yale yale. Kwa Gradual haina shida, kata popote.

Slaisa254:
Mzee, nakubaliana na yote ila umeacha dawa moja. Kurudisha filamenti nyuma ndani ya sanamu hakuna faida. Nyuzi zikidondoka tumboni nani atakayeziona? Kwenye PrusaSlicer washa `Only retract when crossing perimeters`, kwenye Cura weka `Combing Mode` iwe `All`. Nozeli haivuti, shinikizo linabaki, na vijiti vinatoka vizima. Unaokoa na muda, maana Lightning ina vipande vingi vidogo na kila kimoja kinadai kuvuta na kusukuma.

MzeeWaTabaka:
Nimeiona hiyo ikifanya kazi, nimeiona pia ikiharibu. Usipovuta na safari ikawa ndefu, tuseme mm 120 kutoka shavu moja hadi jingine, nozeli inadondosha plastiki njiani na inafika ikiwa tupu. Kijiti kinakosekana vile vile, kwa sababu nyingine. Kwa ekstruda iliyo juu ya nozeli na filamenti kavu, naelewa. Kwa Bowden ya mm 400 na filamenti iliyonyonya unyevu, sina uhakika kama unashinda.

Slaisa254:
Kuna suluhisho la katikati. Cura ina `Max Comb Distance With No Retract`. Weka mm 30. Safari fupi haivuti, ndefu inavuta.

MzeeWaTabaka:
Kwa safari fupi, nakubali. Kwa ndefu, kuvuta kwenyewe ndiko kulikomletea Fundi shida. Fundi ajaribu zote mbili kwenye kipande hicho hicho cha pua, atuambie.

Juja_Kijana:
Swali la kijinga kidogo. Kama muda ndio shida, si aweke nozeli ya 0.6?

Slaisa254:
Si la kijinga. Mstari wa 0.6 na tabaka 0.3 unatoa zaidi ya mara mbili ya plastiki kwa kasi ile ile, na kuta mbili zinakuwa mm 1.2, sawa na tatu za 0.4. Vijiti vya Lightning vinakuwa vinene na havikosekani hovyo. Angalia tu kama kichwa cha kuyeyusha kinaweza: 0.6 kwa 0.3 kwa mm 60 ni karibu 11 mm³ kwa sekunde, na Ender 3 ya kawaida inaanza kuhema hapo. Shuka hadi mm 45. Ubaya ni masharubu na kope za simba, zitapoteza makali, na ngazi za tabaka kwenye paji zitakuwa pana.

RangiYaShaba:
Ngazi hizo ni puti zaidi na msasa zaidi. Saa unazookoa kwenye printa unazilipa kwa mkono. Kwa uso wa mnyama mimi nabaki 0.4.

Fundi_Umoja:
Na kutundika? Ndani ni tupu, skrubu itashika nini? Mfano una tundu la kuning'iniza mgongoni.

MzeeWaTabaka:
Simba wa Lightning ana uzito mdogo, skrubu moja inambeba. Kinachovunjika ni ukingo wa tundu, kwa sababu sakafu ni tabaka nne, mm 0.8. Ongeza silinda ndogo kwenye Cura, kipenyo mm 30, urefu mm 12, iweke juu ya tundu ndani ya simba. Kwenye `Per Model Settings` chagua `Modify settings for overlaps`, kisha mpe `Wall Line Count` 4, `Bottom Layers` 8, na ujazo 40% wa Grid. Sehemu hiyo tu inakuwa imara, simba mwingine wote anabaki Lightning. Kwenye PrusaSlicer ni `Add modifier`, halafu `Cylinder`. Hakikisha kwenye `Preview` kwamba tundu lenyewe limebaki wazi.

Kasarani3D:
Na mteja akigonga na kusikia debe tupu? Wengine huona kama umewauzia takataka. Mtu anaweza kumwaga plasta ya jasi ndani, si ndiyo?

MzeeWaTabaka:
Jasi hutoa joto inapoganda, na PLA inaanza kulainika karibu na nyuzi 60. Bonge kubwa la jasi ndani ya ukuta wa mm 1.2 linaweza kuukunja. Povu la kupulizia nalo linatanuka na kusukuma mashavu nje. Kwa sanamu ya kusimama mezani, mchanga mkavu kupitia tundu la chini unatosha. Kwa simba wa ukutani sijazi kitu. Akigongwa, agongwe.

RangiYaShaba:
Puti na praima zenyewe huua sauti ile kidogo. Zikishapakwa hasikiki tena kama debe la plastiki.

Fundi_Umoja:
Nimerudi. Kata ya pua chini ya kijiti cha kwanza, mipangilio ya Mzee. Kuvuta kama kawaida: matawi yote yapo, dari imefunga, kuna bonde moja dogo kwenye nyusi ya kushoto. `Max Comb Distance With No Retract` mm 30: matawi yapo, bonde limeisha, ila kuna uzi umetokea nje kwenye sikio. Simba mzima kwenye Cura sasa anaonyesha gramu 158. Grid 15% ilikuwa inaonyesha zaidi ya 450.

Slaisa254:
Uzi wa sikio huenda ni nozeli kupita juu ya ukuta wa nje bila kuvuta. Badilisha `Combing Mode` kutoka `All` iwe `Within Infill`.

MzeeWaTabaka:
Bonde la nyusi lilikuwa upande gani wa feni?

Fundi_Umoja:
Upande usio na feni.

MzeeWaTabaka:
Basi huenda hata kuvuta hakuhusiki. Nyusi ni dari nyembamba na tabaka lake la kwanza halipoi upande huo. Mzungushe simba nyuzi 180 kwenye kitanda, uchape kipande kile kile kwa kuvuta kama kawaida. Bonde likihamia nyusi ya kulia, dawa ni feni. Likibaki kushoto, Slaisa ana haki.